Barua Pepe Zinaingia, Hazitoki

Kuna hitilafu moja ya kompyuta inayowachanganya watu kuliko hata intaneti kukatika kabisa. Intaneti ikikatika kila mtu anajua, na ofisi nzima inamtafuta fundi. Lakini programu ya barua pepe inapopokea kila kinachokuja na kukataa kutuma hata salamu ya mstari mmoja, mtu huanza kushuku kila kitu: kompyuta, mtandao, nenosiri, hata mtu anayemwandikia. Wengi hufuta akaunti yote na kuiweka upya, kisha wanakuta kosa liko palepale kwa sababu wamerudisha mipangilio ileile. Wengine hupata hasara juu ya hasara. Kama akaunti ilikuwa ya POP3, ile inayoshusha barua kwenye kompyuta na kuziondoa kwenye seva, kuifuta kunaweza kuondoka na barua za miaka.

Usifute kitu. Barua zinazoingia tayari zimekwambia mengi. Zimekwambia kwamba intaneti ipo, kwamba seva ya barua iko hai, na kwamba nenosiri lililohifadhiwa upande wa kupokea ni sahihi. Ulichobaki nacho ni upande mmoja tu wa kuchunguza.

Kupokea na kutuma ni kazi mbili ambazo programu huzifanya kwa njia mbili, ingawa wewe unaona dirisha moja. Ufunguo wa sanduku lako la posta unakuruhusu kuchukua barua zako saa yoyote, lakini haukupi ruhusa ya kupita nyuma ya kaunta na kutia barua kwenye mfuko unaokwenda Mwanza. Upande wa kupokea hutumia IMAP au POP3, na mazungumzo yake hupita kwenye poti namba 993 au 995. Poti ni namba tu inayoiambia seva umekuja kwa huduma gani. Upande wa kutuma hutumia SMTP, na wenyewe una poti zake: 25, 465 na 587. Una pia jina lake la seva, jina lake la mtumiaji, na mara nyingi nenosiri lililohifadhiwa peke yake. Ndiyo maana mmoja unaweza kufa na mwingine ukaendelea kama kawaida.

Nichukue ofisi moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam niliyoitwa kuisaidia, kwa sababu matatizo yake yalikuja yakiwa yamepangana, moja nyuma ya jingine. Ofisi ilikuwa imebadilisha kampuni ya intaneti mwishoni mwa juma. Mafundi walikuja Jumamosi, wakavuta faiba, wakaweka ruta mpya, wakaondoka. Jumatatu asubuhi mhasibu akaanza kutuma ankara, na zote zikabaki kwenye `Outbox`. "Fundi, sisi hatujagusa kitu," aliniambia. "Wateja wananiandikia wanauliza ankara iko wapi, barua zao nazisoma, nikijibu haziendi." Alikuwa anasema kweli. Hakuna aliyegusa kompyuta.

Kulikuwa na jambo jingine la ajabu. Simu ya bosi wake, ikiwa kwenye Wi-Fi ileile, ilikuwa inatuma bila shida. Watu waliona hilo ni fumbo. Kwa fundi ni zawadi. Kama kifaa kimoja kinatuma na kingine hakitumi kwenye mtandao mmoja na kwa kampuni moja ya barua pepe, basi tofauti iko kwenye mipangilio ya vifaa hivyo viwili. Kabla sijaifungua mipangilio hiyo nilimwomba mhasibu afungue barua pepe yake kwenye kivinjari, kwa ukurasa wa wavuti wa kampuni inayowahifadhia barua, na atume barua moja kutoka huko. Ikaenda papo hapo.

Jaribio hilo la kivinjari ni la dakika moja na ningependa kila mtu alianze. Barua ikikataa kutoka hata kwenye kivinjari, acha kuhangaika na poti: tatizo liko kwenye akaunti yenyewe au kwa kampuni ya barua pepe, na nitalirudia baadaye. Ikitoka, akaunti yako ni nzima, na kizuizi kiko kati ya programu iliyo kwenye kompyuta na seva.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa poti. Programu ya mhasibu ilikaa kimya karibu dakika nzima kila alipobonyeza kutuma, kisha ikaleta ujumbe wenye maneno `timed out`. Maneno hayo yana maana moja: nimebisha hodi, hakuna aliyeitikia. Hayasemi kwamba nenosiri ni baya, kwa sababu mazungumzo hayakufika hata kwenye nenosiri. Kwenye Windows unaweza kubisha hodi mwenyewe bila programu ya barua pepe kuhusika. Fungua PowerShell na uandike, ukiweka jina la seva yako ya kutumia:

```
Test-NetConnection mail.example.com -Port 25
Test-NetConnection mail.example.com -Port 587
```

Kwenye Mac au Linux amri ni `nc -vz mail.example.com 587`. Windows itakujibu mistari kadhaa, nawe unatafuta mmoja tu, ule unaoanza na `TcpTestSucceeded`. Pale ofisini poti 25 ilirudisha `False` na poti 587 ikarudisha `True`. Tukaiunganisha kompyuta na hotispoti ya simu, kwa bando la kampuni nyingine kabisa, poti 25 bado ikarudisha `False`. Fundi asiyejua angesema seva ndiyo mbovu. Seva haikuwa na kosa. Kampuni zote mbili za intaneti zilikuwa zimeifunga poti 25 kwa wateja wao, na zina sababu nzuri.

SMTP iliandikwa mwaka 1982 na Jon Postel, wakati mtandao ulikuwa wa vyuo, maabara na ofisi chache zilizofahamiana. Haikumuuliza mtu yeyote wewe ni nani. Ukifika poti 25 na barua, seva inapokea na kuipeleka. Miaka ya tisini watumaji wa barua taka waliutumia uaminifu huo hadi ukakaribia kuiua barua pepe. Baadaye wakaanza kuziteka kompyuta za watu kwa virusi, na kompyuta ya mtu aliyelala nyumbani kwake ikawa inamwaga maelfu ya barua usiku kucha, moja kwa moja kwenye poti 25 za seva duniani. Njia nyepesi ya kuzuia ilikuwa kampuni za intaneti kuifunga poti hiyo kwa wateja wa kawaida, na nyingi zikafanya hivyo. Faiwoli za ofisi nyingi zikafuata. Leo poti 25 imebaki kwa ajili ya seva kupelekeana barua zenyewe kwa zenyewe.

Kompyuta ya mtu ilipewa njia yake. Mwaka 1998 poti 587 ilitengwa kwa ajili ya barua zinazotoka kwenye programu ya mtumiaji kwenda kwenye seva yake, na mwaka uliofuata ikatoka taratibu rasmi ya mtumaji kujitambulisha kwa jina na nenosiri. Kwa hiyo kama programu yako bado ina namba 25 kwenye upande wa kutuma, unaishi kwa huruma ya kampuni ya intaneti. Siku ukihama kampuni, au siku kampuni yako ikiamua kuifunga, barua zitagoma, na hutakuwa umegusa kitu.

Hapo ndipo fumbo la simu ya bosi lilipofunguka. Simu iliwekewa barua pepe miaka ya karibuni, na programu yake ilichagua 587 yenyewe. Kompyuta ya mhasibu iliwekwa zamani, kwa karatasi ya maelekezo iliyokuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na karatasi hiyo ilisema 25.

Programu waliyotumia ilikuwa Thunderbird. Humo unafungua `Account Settings`, unashuka hadi chini kabisa kwenye `Outgoing Server (SMTP)`, unachagua seva na kubonyeza `Edit`. Watu wengi hawajawahi kufika hapo, kwa sababu wanapekua mipangilio ya akaunti yao na kukuta upande wa kupokea tu. Kwenye Outlook ile ya zamani ya kompyuta, upande wa kutuma umefichwa zaidi: uko ndani ya `More Settings`, kwenye kurasa ndogo za `Outgoing Server` na `Advanced`. Tulibadilisha namba kutoka 25 hadi 587, na kwenye `Connection security` tukachagua `STARTTLS`.

Namba na ulinzi wake huenda pamoja, na hapa wengi hujikwaa. Poti 587 huanza mazungumzo wazi, kisha pande zote mbili zinakubaliana kuyafumba ili asiyehusika asiyasome. Hiyo ndiyo `STARTTLS`. Poti 465 hutaka mazungumzo yafumbwe tangu neno la kwanza. Hiyo huandikwa `SSL/TLS`. Ukiweka 465 halafu ukachagua `STARTTLS`, programu inakaa ikisubiri seva isalimie kwanza, na seva inakaa ikisubiri programu ianze kufumba. Wote wawili wananyamaza hadi muda unakwisha, na skrini inakuletea `timed out` ileile ya poti iliyofungwa. Utaapa kwamba ni kampuni ya intaneti. Njia ya kutofautisha ni ile amri ya hapo juu: PowerShell ikisema `True` na programu bado inanyamaza, angalia ulinganifu wa namba na ulinzi kabla hujamlaumu mtu.

Kuhusu 465 utasikia mafundi wakibishana. Ilipewa kazi hii mwaka 1997, ikanyang'anywa muda mfupi baadaye, na kwa miaka mingi vitabu vikasema imepitwa na wakati ingawa seva ziliendelea kuitumia. Mwaka 2018 waraka rasmi wa viwango vya intaneti uliirudishia heshima yake na hata kuipendekeza, kwa sababu kufumba tangu mwanzo ni salama zaidi. Mimi naona zote mbili zinafaa. Kama 587 imefungwa mahali ulipo, jambo linalotokea kwenye baadhi ya hoteli na vyuo, jaribu 465 na `SSL/TLS`.

Tulirudi kwa mhasibu, tukabonyeza kutuma. Safari hii programu haikunyamaza. Ilikataliwa ndani ya sekunde moja, na seva ikatoa sababu:

```
550-Please turn on SMTP Authentication in your mail client.
```

Mhasibu alikata tamaa alipoona kosa jipya. Mimi nilifurahi. Kimya kimegeuka kuwa jibu, na jibu linatoka kwenye seva yenyewe, maana yake njia iko wazi. Namba za SMTP zinazoanza na 5 ni kukataa moja kwa moja. Zinazoanza na 4 ni kukataa kwa muda, kwamba jaribu tena baadaye. Hii ilikuwa inasema: washa utambulisho kwenye programu yako. Seva haikuwa tayari kupeleka barua nje kwa mtu asiyejitambulisha.

Kwa nini utambulisho ulikuwa haujawashwa, na miaka yote barua zilikuwa zinatoka? Kwa sababu ile karatasi ya kabatini iliandikwa enzi ambazo kampuni ya intaneti ya zamani ilikuwa na seva yake ya kutumia, na seva hiyo ilimkubali yeyote aliyetokea ndani ya mtandao wake, bila nenosiri. Ilimtambua mteja kwa anwani ya mtandao. Hata jina la seva lililoandikwa hapo mwanzo lilikuwa la kampuni hiyo, na mtu fulani alishalibadilisha bila kubadilisha mengine. Ofisi ilipohama, ile ridhaa ya kimyakimya haikuhama nayo.

Kuna dalili inayoonyesha hali hii mapema. Seva nyingi hukubali kupokea barua ya mtu wa ndani hata kama mtumaji hajajitambulisha, kwa sababu kupokea barua za watu wake ni kazi yake. Zinachokataa ni kuzipeleka kwa watu wa nje. Kwa hiyo kama unaweza kumwandikia mwenzako wa ofisi hiyohiyo na barua inafika, lakini ukimwandikia mteja mwenye anwani ya Gmail inakataliwa kwa maneno yenye `relay`, usitafute zaidi. Utambulisho haujawashwa.

Kwenye Thunderbird jambo hili liko kwenye `Authentication method`. Ilikuwa imeandikwa `No authentication`, tukaweka `Normal password`. Nenosiri hapo haliendi wazi mtandaoni, kwa kuwa `STARTTLS` imeshayafumba mazungumzo. Kwenye Outlook ya zamani ni kisanduku kimoja cha kutia alama, `My outgoing server (SMTP) requires authentication`, na chini yake unachagua itumie mipangilio ileile ya kupokea.

Tukatuma tena, ikaja `535 Incorrect authentication data`. Namba 535 ni ya jina au nenosiri lisilokubalika. Mhasibu akaanza kuandika nenosiri upya, mara hii kwa herufi kubwa, mara ile kwa kuongeza namba, nikamwomba aache kabisa. Seva nyingi zinahesabu majaribio. Ukikosea mara kadhaa mfululizo zinaifungia anwani ya mtandao ya ofisi nzima, na hapo hata kupokea kunakufa kwa kila mtu jengoni. Ofisi ambayo ilikuwa na tatizo la mtu mmoja inaishia na tatizo la watu wote.

Nenosiri lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye jina: upande wa kupokea lilikuwa `hesabu@example.com`, upande wa kutuma ni `hesabu` peke yake. Seva inayohifadhi barua za makampuni mengi haiwezi kujua ni "hesabu" wa kampuni gani, kwa hiyo hudai anwani nzima. Tuliongeza kilichopungua.

Kabla ya kubonyeza nilimwambia tufungue kwanza `Outbox`. Barua zilizokwama hazisahauliki. Njia ikifunguka zinatoka zote kwa mkupuo. Humo kulikuwa na ankara ambazo alikuwa ameshazituma kwa WhatsApp, na makadirio ya bei kwa mteja mmoja ambayo yalikuwa yamebadilishwa tangu asubuhi. Yangefika yakiwa ya zamani. Alifuta yaliyopitwa, akabakiza yaliyo halali, tukatuma, na barua zikaondoka moja baada ya nyingine.

Humohumo ndani ya `Outbox` ndimo wakati mwingine tatizo lenyewe linapokaa. Barua moja yenye kiambatisho kikubwa inaweza kukaa mbele ya foleni, ikakataliwa kila mara, na zilizo nyuma yake zikasubiri. Gmail, kwa mfano, haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25, na seva nyingi hupima barua baada ya kufungashwa. Kiambatisho kinaposafirishwa hugeuzwa kuwa herufi za kawaida na kuongezeka kwa takriban theluthi moja, kwa hiyo faili linaweza kugonga kikomo wakati wewe unaona bado una nafasi. Kosa lake mara nyingi ni 552. Itoe barua hiyo, uone kama zilizobaki zinatoka.

Sasa turudi kwa yule ambaye alikuwa anatuma vizuri jana, hajahama kampuni ya intaneti, poti zake ziko wazi, na leo anapata 535. Swali la kwanza ni kama nenosiri lilibadilishwa hivi karibuni. Thunderbird huhifadhi nenosiri la kupokea na la kutuma kila moja mahali pake. Ukibadilisha nenosiri, programu itakuuliza jipya inapokwenda kuchukua barua, nawe utaliandika na kudhani umemaliza, kumbe upande wa kutuma bado umeshika la zamani. Mara nyingi utaulizwa tena unapotuma. Lakini ukifunga dirisha hilo kwa haraka, kosa linabaki. Fungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa, ufute lile lenye neno `smtp`, kisha utume na uandike jipya.

Swali la pili linahusu akaunti za Google na Microsoft, kwa sababu kampuni hizo zimebadilisha sheria na watu wengi hawakupata habari. Tangu tarehe 30 Mei 2022 Google imeacha kukubali nenosiri la kawaida la akaunti binafsi kutoka kwenye programu za nje. Microsoft ilifanya hivyo kwa akaunti binafsi za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Badala yake programu inatakiwa kukufungulia ukurasa wa kampuni yenyewe ili uingie huko na kuiruhusu. Utaratibu huo kwenye mipangilio huitwa `OAuth2`. Kinachozaa kile kitendawili cha kupokea bila kutuma ni pale mtu au fundi anaporekebisha upande mmoja. Anaweka `OAuth2` kwenye kupokea, barua zinaanza kuingia, kila mtu anashangilia, na upande wa kutuma unaachwa kwenye `Normal password`. Nenda `Outgoing Server (SMTP)` ukauweke sawa na mwenzake.

Kwa programu kongwe isiyoijua `OAuth2`, au mashine ya kunakili ya ofisini inayotuma nyaraka kwa barua pepe, Google bado inatoa mlango mmoja: nenosiri la programu, lenye herufi 16, linaloundwa na Google kwa ajili ya kifaa hicho pekee. Ili ulipate ni lazima kwanza uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti. Nenosiri lako la kila siku, hata uliandike kwa usahihi kiasi gani, halitakubaliwa hapo.

Kuna pia vikomo vya idadi. Akaunti binafsi ya Gmail haitumi zaidi ya barua 500 kwa siku, na kampuni za kuhifadhi tovuti kwa kawaida huweka kikomo cha saa, ambacho hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine na wakati mwingine ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Shule inayotuma ripoti kwa wazazi wote mchana mmoja hukigonga bila kujua. Barua za kwanza zinakwenda, za mwisho zinakataliwa, na zinazoingia haziguswi. Hapa hakuna cha kurekebisha kwenye kompyuta. Unasubiri muda upite, na kwa kazi ya namna hiyo unatafuta huduma iliyotengenezwa kwa ajili ya barua za wengi.

Lakini mtu mmoja akiambiwa amevuka kikomo wakati siku nzima ametuma barua nne, nataka ashtuke. Na hapa ndipo namkumbusha aliyeshindwa kutuma hata kwenye kivinjari. Kampuni ya barua pepe ikiona akaunti inamwaga barua taka, hufunga utumaji na kuacha upokeaji, ili mwenye akaunti asipoteze barua zake. Kwa mwenyewe inaonekana kama ile hitilafu ya kawaida ya poti. Ukweli ni kwamba mtu mwingine analo nenosiri lake.

Hali hii nimeiona ikichukuliwa kwa wepesi mno. Fundi anapiga simu, anaomba akaunti ifunguliwe, inafunguliwa, barua zinatoka, na kazi inaendelea. Aliyeingia bado yumo. Badilisha nenosiri kwanza, ukiwa kwenye kompyuta unayoiamini, na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili kama upo. Kisha fungua akaunti kwenye kivinjari, uingie kwenye mipangilio, na uangalie mambo mawili: anwani ambazo barua zako zinapelekewa nakala, na kanuni zinazohamisha au kufuta barua zenyewe. Wezi hupenda kuacha kanuni inayohamisha kila barua yenye neno "malipo" au "invoice" kwenye folda ambayo hakuna anayeifungua. Kutoka hapo wanasoma mazungumzo yako na mteja, na siku ya malipo wanamwandikia mteja huyo namba nyingine ya akaunti ya benki. Ukikuta kanuni usiyoijua, ipige picha kabla ya kuifuta, na uwapigie simu wateja uliokuwa unadaiana nao kwa namba unazozijua. Ndipo uombe utumaji ufunguliwe.

Ukifika mahali pa kupiga simu, iwe kwa kampuni ya intaneti au ya barua pepe, usiseme tu "barua hazitoki". Kwa maneno hayo utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Waambie seva gani, poti gani, saa ngapi, na uwasomee namba ya kosa yenye tarakimu tatu pamoja na maneno yake kama yalivyo kwenye skrini. Waambie kama kivinjari kinatuma, na kama hotispoti ya simu inatuma. `timed out` ni ya kampuni ya intaneti au faiwoli yako. 535 ni ya jina, nenosiri au aina ya utambulisho. 550 yenye `relay` ni ya utambulisho uliozimwa. Kikomo au kufungiwa ni kwa kampuni ya barua pepe peke yake.

Na kama ofisini kwenu kuna karatasi ya maelekezo ya barua pepe ukutani au kabatini, itazame leo. Ikiwa imeandikwa 25 upande wa kutuma, ikate, uandike 587 na `STARTTLS`, uweke anwani nzima kama jina la mtumiaji, na ubadilishe kompyuta zote kabla kampuni ya intaneti haijakulazimisha.